Jicho linalowaka na jicho lisilowaka: picha moja ya usiku kutoka Luchelele

Picha ilipigwa Luchelele, kusini mwa Jiji la Mwanza, pale ambapo mawe makubwa yanashuka hadi kugusa ziwa. Ilikuwa Julai, nyasi zimekauka, saa mbili usiku na ushee. Aliyepiga ni kijana fundi wa mashine za boti. Alikuwa anarudi nyumbani na tochi kichwani, akasikia kitu kimeruka, akasimama, akainua simu na kubonyeza mara moja. Picha nyingine hakupata, kwa hiyo kila kitu ninachoeleza hapa kimetoka kwenye hiyo moja, pamoja na yale tuliyoyakagua pale pale kesho yake.

Bila kukuza chochote unaona hivi. Kulia, karibu, kuna kisiki cha mwembe uliokufa, na juu yake ndege amesimama wima, uso mweupe umepigwa na mwanga. Kushoto, nyuma zaidi, kuna mwamba bapa, dumu la njano la lita 20 ambalo mtu ameliacha hapo, na kando ya dumu nukta moja inayowaka. Mbele kabisa kuna nyasi fupi zenye vimulimuli vidogo vya kijani, ambavyo kwa siku ya kwanza hakuna aliyevitaja.

Kabla picha haijanifikia ilikuwa imeshapewa majina. Bibi mwenye boma alisema ni bundi na mtoto wake, ni mchuro, na kisiki kikatwe kesho asubuhi. Mvuvi mmoja alisema wa juu ni yule bundi mweupe anayekaa kwenye madari ya makanisa na maghala. Kijana mwenyewe alikuwa na hoja iliyonipendeza kuliko zote, ingawa ilimpeleka kusiko: bundi macho huwaka usiku, wa juu macho hayakuwaka, basi bundi ni yule wa chini mwenye jicho la njano, na huyu wa juu labda ni mwewe aliyelala.

Ndege mwenyewe nilimwacha kwanza. Niliuliza tochi ilikuwa wapi na simu ilikuwa wapi.

Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililofungua picha yote. Mng'ao wa jicho hausambai kila upande. Mwanga unaingia kwenye mboni, unagonga nyuma ya jicho, na sehemu inayorudi inarudi karibu kabisa na njia ile ile iliyoingilia, kuelekea chanzo cha mwanga. Aliyevaa tochi kwenye paji la uso anauona mng'ao kwa sababu macho yake yako chini kidogo tu ya taa. Mwenzake aliyesimama hatua mbili pembeni anaweza asione kitu. Na kamera ikishikwa usawa wa kifua huku tochi iko kichwani, mpigaji ataapa kwamba macho yaliwaka na picha itamkana.

Kijana aliniambia alishika simu mbele ya uso. Tulipopima baadaye, kutoka kioo cha tochi hadi lenzi ilikuwa kama sentimeta 12. Sasa chukua umbali. Kisiki kilikuwa mita 5 kutoka aliposimama, na mwamba mita 12. Kwa ndege wa kisikini, sentimeta hizo 12 zinafanya pembe ya digrii 1.4 hivi kati ya mwanga unaoingia jichoni na lenzi inayotazama. Kwa yule wa mwambani pembe ni kama digrii 0.6 tu. Kwa maneno mengine, aliye mbali alikuwa kwenye nafasi nzuri zaidi ya kuonyesha mng'ao kuliko aliye karibu. Watu wengi hudhani kinyume chake, kwamba ukikaribia ndivyo macho yatakavyowaka zaidi. Ukitembea na tochi na simu utakuta mara nyingi nukta zinazimika kadiri unavyosogea, na mnyama hajageuka wala hajafumba macho.

Kwa hiyo kukosekana kwa mng'ao juu ya kisiki hakukuwa ushahidi wa chochote. Ni picha tu iliyopigwa kwa pembe isiyofaa.

Lakini pembe si habari yote. Hata kamera ingekaa ubavuni mwa taa, bundi na kirukanjia hawawaki sawa. Kirukanjia ni yule ndege wa rangi ya majani makavu anayelala katikati ya njia ya vumbi na kuruka gari likishamfikia. Nyuma ya retina yake kuna tabaka lenye vitone vidogo vya mafuta ambalo huurudisha mwanga upite mara ya pili kwenye chembe za kuonea. Ndiyo maana jicho lake likipigwa tochi linakuwa kaa la moto, rangi ya chungwa kuelekea nyekundu, na unaliona ukiwa mbali sana kabla hujaona ndege. Bundi kwa kawaida hawana tabaka kama hilo. Wao wameongeza uwezo wa kuona kwa njia nyingine: macho makubwa mno kwa kichwa chao, na mboni inayofunguka sana. Mng'ao wanaotoa ni hafifu, wekundu uliofifia unaotokana na damu iliyo nyuma ya jicho, na mara nyingi hauonekani kabisa. Kinachowafanya watu waamini kwamba macho ya bundi yanawaka ni rangi ya jicho lenyewe, yaani ile duara inayozunguka mboni. Duara la njano au la chungwa likimulikwa linang'ara, lakini ni rangi tu, na mchana lipo vile vile.

Hapo ndipo njano mbili za picha hii zilipochanganywa. Njano ya chini na njano ya juu si kitu kimoja, na tofauti yake inaonekana kwa macho ukiwa na picha yenye ukubwa wa kutosha. Rangi ya jicho hukaa kama pete, katikati kuna shimo jeusi la mboni. Mng'ao hufanya kinyume: unalijaza lile shimo lenyewe. Ukiona pete yenye kitovu cheusi, unaangalia rangi ya jicho, na rangi hiyo ni alama ya kutambulisha aina. Ukiona tone lililojaa lisilo na kitovu, unaangalia mng'ao, na rangi yake uiamini nusu tu.

Nusu, kwa sababu kamera huiharibu. Mng'ao mkali unapozidi uwezo wa kamera, katikati panakuwa peupe, na rangi ya chungwa inabaki kwenye ukingo tu. Picha ikibanwa, weupe na chungwa vinachanganyika kuwa njano. Ndicho kilichotokea. Niliyotumiwa kwanza kwa WhatsApp ilikuwa na pikseli 1600 upande mrefu, na jicho la ndege wa mwambani lilikuwa nukta ya njano isiyosema kitu. Nikamwomba kijana aitume upya kama faili, si kama picha. Iliyokuja ilikuwa na pikseli 4000. Nukta ile ile, nilipopunguza mwangaza kwenye programu ya kuhariri ya simu, ikaonyesha kiini cheupe na mzunguko wa chungwa iliyokolea. Hakuna kitovu cheusi. Kwenye faili hilo hilo, uso wa ndege wa kisikini ulionyesha pete mbili za njano safi, nyembamba, kila moja na shimo jeusi pana katikati.

Nyembamba, kwa sababu mboni ilikuwa bado imefunguka kwa giza. Angepigwa tochi kwa muda kidogo mboni ingesinyaa na pete ingepanuka, na pengine mvuvi wetu asingesema bundi mweupe.

Nianze na huyo wa kisikini, maana kwake picha ilikuwa na habari nyingi. Mkao wake peke yake unamtoa kwenye ukoo wa kirukanjia. Amesimama wima, miguu imeshika ukingo wa kisiki, kifua mbele, na uso umeelekezwa moja kwa moja kwenye kamera huku mwili ukiwa umepinda kidogo kushoto. Macho ya bundi hayazunguki ndani ya kichwa, kwa hiyo akitaka kukutazama lazima ageuze kichwa kizima. Matokeo yake ni kwamba bundi aliyekugundua hukupa uso mzima na macho yote mawili, hata kama mwili wake unatazama kwingine. Mwewe aliyelala asingekaa hivyo. Angekupa upande wa uso, mdomo ukichomoza, jicho moja.

Kisha sahani ya uso, yaani lile duara la manyoya mafupi magumu linalokusanya sauti kuelekea masikioni. Bundi mweupe, Tyto alba, sahani yake ina umbo la kopa la karata: ncha chini, na juu katikati kuna mfereji unaoingia kati ya macho. Hiyo kopa huwezi kuikosa hata kwenye picha mbaya. Kwenye faili letu uso ulikuwa mweupe, ni kweli, lakini weupe wenyewe ulikuwa wa tochi. Mwanga wa mita 5 ulikuwa umeunguza kila kitu cha kijivu kikawa karatasi. Nilipopunguza mwangaza, sahani ikajitokeza kuwa ya kijivu hafifu, mviringo, imegawanyika nusu mbili kila moja ikizunguka jicho lake, na ukingo mwembamba mweusi kulia na kushoto. Mfereji wa kopa haukuwepo. Na hata kama ningebaki na shaka juu ya umbo, macho yalitosha: bundi mweupe ana macho meusi. Pete ya njano haiwezi kutoka kwake kwa tochi yoyote.

Waliobaki wenye macho ya njano au chungwa ni wachache. Kuna bundi mdogo kabisa anayelia usiku kucha "kruup" moja moja miongoni mwa migunga, Otus senegalensis, ambaye urefu wake ni sentimeta 16 hivi. Kuna kabundi kenye madoadoa meupe, Glaucidium perlatum, kasichozidi sentimeta 20 na kasicho na vishungi. Kuna bundi mwenye uso mweupe wenye fremu nene nyeusi na macho ya chungwa kali, mwenye sentimeta 25 hivi. Na kuna bundi mkubwa mwenye madoa, Bubo africanus, mwenye sentimeta 45 au zaidi kidogo. Hapa rula ilifanya kazi kuliko rangi. Kesho yake tulipima kisiki: sentimeta 140 kutoka ardhini hadi juu. Kwenye picha ndege alichukua chini kidogo ya theluthi ya urefu wa kisiki, ambayo ni kama sentimeta 45. Hakuna kati ya wale wadogo anayefika hapo.

Kulikuwa na pingamizi moja la haki. Bundi mkubwa mwenye madoa ana vishungi viwili kichwani vinavyoonekana kama masikio, na kwenye picha kichwa kilikuwa cha mviringo. Vishungi ni manyoya tu, havihusiani na kusikia, na ndege huviinua na kuvilaza. Kwenye faili kubwa ilionekana mistari miwili myeusi iliyolala kuelekea kisogoni, mmoja juu ya kila jicho, ambayo ndiyo vishungi vilivyolazwa. Kwa hiyo kichwa cha mviringo hakimtoi bundi wa vishungi, ila vishungi vilivyosimama vingemtoa bundi mweupe mara moja. Alama ya aina hii inasaidia upande mmoja tu, na watu huipotosha kwa kuitumia pande zote mbili.

Ningependa pia kusema neno juu ya yule bundi mkubwa kuliko wote, Bubo lacteus, kwa sababu naye yuko kwenye miti mikubwa kandokando ya ziwa na picha zake hutajwa ovyo. Yeye anapita sentimeta 60, macho yake ni ya kahawia iliyoiva hadi kuonekana meusi, ukingo mweusi wa uso wake ni mnene kama mabano, na akifumba macho kope za juu ni za waridi. Mtu akikuletea picha ya bundi mkubwa mwenye macho yaliyofumbwa, usimrudishe: hiyo waridi ni jibu tosha. Wetu alikuwa na macho wazi, ya njano, na tumbo lenye mistari midogo ya kukata kwa upana, na madoa meusi zaidi kifuani juu. Ni Bubo africanus. Na mawe ya Mwanza ni kwake kabisa. Hutaga chini, kwenye vijukwaa vya miamba na mianya ya mawe, bila kujenga kiota.

Sasa kuhusu mwambani. Huku picha ni maskini na lazima tuwe waangalifu. Kwa pikseli 4000, ndege huyu ana urefu wa pikseli 80 hivi. Dumu lililo kando yake, kwa umbali ule ule, lina pikseli 113 kwa kimo, na dumu hilo tulilipima: sentimeta 38. Hesabu inatoa ndege wa sentimeta 27 kutoka mdomo hadi mkia. Jicho liko pikseli 15 juu ya mwamba, sawa na sentimeta 5.

Hizo sentimeta 5 ni za thamani kuliko urefu. Kwenye ufuo wa ziwa usiku, nukta ya chungwa karibu na ardhi inaweza kuwa ya wengi. Komba ana mng'ao mkali wa chungwa, lakini yuko matawini na nukta zake ni mbili, zinarukaruka. Kanu anayewinda kwenye mawe huonyesha mbili pia anapokutazama, kimo cha chini ya goti, na hatulii. Mamba ni mwekundu na yuko kwenye mstari wa maji. Anayechanganya kweli ni chekeamwezi, ndege wa ufuoni mwenye macho makubwa, anayesimama kimya kwenye changarawe. Lakini chekeamwezi ana miguu mirefu, jicho lake linakaa sentimeta 30 hivi juu ya ardhi, na hata akichuchumaa kichwa chake cha mviringo hubaki juu ya mwili. Ndege wetu hana kichwa kinachochomoza. Ukikaza macho kwenye faili unaona umbo refu lililolala kwa tumbo juu ya jiwe, kichwa bapa kimezama mabegani, mkia umeendelea nyuma sambamba na mwamba. Mdomo hauonekani, kwa kuwa wa kirukanjia ni mdogo mno ukifungwa, ingawa ukifunguliwa unapasua uso mzima. Sahani ya uso haipo kabisa.

Na jicho moja? Bibi alilipa maana yake, lakini sababu ni mahali lilipo jicho. Macho ya kirukanjia yako pembeni mwa kichwa. Akikaa ubavu kwako, unapata moja tu, na hana haja ya kugeuza kichwa ili akuone. Bundi aliyekaa ubavu angegeuza uso, nawe ungepata mawili au, akikupa kisogo, ungekosa yote. Nukta moja iliyotulia, karibu kabisa na sakafu ya jiwe, ni mkao wa kirukanjia kuliko kitu kingine chochote ninachokijua kwenye ufuo huu.

Habari ya mama na mtoto ikaishia hapo. Kama wana uhusiano wowote, ni kwamba bundi huyo akimpata kirukanjia atamla.

Hadi hapa picha ilikuwa imetupa ukoo, si aina. Pikseli 80 haziwezi kukuonyesha michoro ya manyoya, na virukanjia hutofautiana kwa michoro: mstari wa bega, shingo yenye wekundu wa kutu, weupe kwenye bawa na mkia. Weupe huo, ambao ndio ungesema dume au jike, unafichwa ndege akiwa amekunja mabawa na kufunga mkia, hata umpige picha ya studio. Mtu anayetaja aina ya kirukanjia aliyekaa, kwa picha ya simu ya mita 12, bila kutaja kitu kingine, anabahatisha.

Tulikuwa na vitu vingine viwili. Cha kwanza ni mahali. Virukanjia wengi wa ukanda huu hukaa kwenye mchanga, majani makavu au njia ya vumbi. Yule mwenye mkia wa kukata sawa, Caprimulgus fossii, ni wa mashamba na barabara, na begani ana mstari mweupeweupe ambao mara nyingi hutokea kwenye picha hata ndogo kama ukanda uliofifia. Kirukanjia wa miamba, Caprimulgus tristigma, hulala mchana juu ya jiwe tupu na kuwinda usiku kutoka jiwe hilo hilo, na mijini amewahi kuzoea mapaa bapa ya majengo. Rangi yake ni kijivu cheusi chenye chembechembe nyeupe na za hudhurungi mwili mzima, bila kola ya kutu shingoni na bila mstari wa bega. Yaani ni rangi ya granaiti yenyewe. Kwenye faili letu, doa la ndege lilikuwa na weusi ule ule wa jiwe kuanzia kichwa hadi mkia, na hapakuwa na ukanda wowote mweupe. Bila nukta ya jicho hakuna ambaye angejua kuna ndege. Na kwa kuwa ilikuwa Julai, yule mgeni wa Ulaya anayekuja kati ya Oktoba na Aprili hakuwa kwenye hesabu.

Cha pili ni sauti, na hii tuliifuata. Jioni iliyofuata tulifika jua likiwa limezama, bado kuna mwanga kidogo juu ya maji, boti za dagaa zikitoka na taa zao. Tochi tuliizima. Mita kama 30 kutoka kwenye ule mwamba kilianza kilio cha silabi mbili, "bau-bau", kikakatika, kikarudia, mara nyingine "bau-bau-bau". Kijana akaniuliza kwa kunong'ona, "Kaka, hao si mbwa wa kwa mzee pale juu?" Wengi husema hivyo. Ila mbwa habweki kwa kipimo kile kile dakika kadhaa bila kupandisha hasira, na sauti ilitoka kwenye jiwe lisilo na nyumba. Caprimulgus fossii angenguruma mfululizo kama pikipiki inayobadilishwa gia mlimani, bila kukatika silabi. Kile cha kubweka ni cha kirukanjia wa miamba.

Bundi hakulia jioni ile, lakini alikuwa ameacha vyeti vyake. Chini ya kisiki tuliokota madonge ya matapishi, yaani manyoya na mifupa ambavyo bundi havimeng'enyi akavitema. Yalikuwa ya kijivu, yanavunjika kirahisi, ndani manyoya ya panya na magamba mengi ya mende wa samadi. Madonge ya bundi mweupe yakiwa mabichi huwa meusi na yanang'aa kana kwamba yamepakwa vanishi, na kwa kawaida hukutwa chini ya dari au ndani ya pango, si chini ya kisiki kilicho wazi. Hilo halikuongeza jina jipya, lilifunga tu mlango wa lile la zamani.

Nilimweleza kijana jinsi ya kupiga safari nyingine. Kama anataka mng'ao, asitegemee tochi ya kichwa, awashe taa ya simu yenyewe ambayo iko ubavuni mwa lenzi, apige kutoka mbali. Kama anataka uso, afanye kinyume: mwenzake ashike tochi hatua mbili tatu pembeni, mwanga upite juu ya bega la ndege badala ya kumgonga usoni, na mwangaza wa simu ushushwe kwa kidole kabla ya kubonyeza. Mwanga wa pembeni unaleta vivuli, na ni vivuli vinavyoonyesha ukingo wa sahani, vishungi na mistari ya tumbo. Picha mbili namna hiyo, kila moja sekunde chache, kisha tochi chini, kwa sababu ndege aliyepigwa mwanga usoni anabaki hajui pa kurukia kwa muda, na kwenye mawe yale akiruka vibaya anavunja bawa.

Kwenye daftari tuliandika: Bubo africanus, mmoja, kisikini, kwa jicho, sahani na kimo. Caprimulgus tristigma, mmoja, mwambani, kwa mng'ao na mkao, aina kwa sauti ya kesho yake. Jinsia hatukuandika kwa yeyote. Kisiki bado kipo. Bibi aliposikia kwamba ndege yule anakula panya wa ghalani alisema tutaona baada ya mavuno.

Vile vimulimuli vya kijani kwenye nyasi za mbele kijana alikuja kuviuliza mwisho, akidhani ni umande. Julai ile hapakuwa na umande saa mbili usiku. Alirudi na tochi usawa wa macho, akafuata kimoja hadi akapiga magoti: buibui wa ardhini, mkubwa kama kifungo cha shati, akamkodolea macho.